Mwaka wa mkimbiaji una kilele kimoja

Kalenda ya mkimbiaji wa klabu hapa Tanzania imejaa. Mwishoni mwa Februari watu wanapanda Moshi kwa ajili ya Kilimanjaro Marathon. Julai kuna NBC Dodoma Marathon, Agosti CRDB Marathon inajaza barabara za Dar es Salaam, na katikati ya hizo, karibu kila wikiendi, kuna mbio za hisani za shule, hospitali au kanisa. Mwenye ari anaweza kubandika namba kifuani mara mbili kwa mwezi, mwaka mzima. Wapo wengi wanaofanya hivyo, na wengi wao huwajia makocha na swali lilelile: mbona nakimbia sana, lakini muda wangu haushuki?

Jibu mara nyingi limo kwenye hiyo kalenda. Mwili haukai kileleni miezi kumi na miwili. Hupanda kwa hatua, hufika juu kwa wiki chache, kisha hudai ushushwe upumzike kabla ya kupanda tena. Ndiyo sababu makocha huugawa mwaka katika awamu nne: msingi, kujenga, kilele na mapumziko. Kila awamu ina kazi yake mwilini, na kazi ya moja haiwezi kufanywa na nyingine. Anayeshindana kila wikiendi anaishi kwenye awamu ya tatu peke yake, akitumia akiba ambayo hakupata muda wa kuiweka.

Fundi viatu wa Auckland

Mpango huu una historia, na sehemu kubwa yake ilianzia kwa mtu ambaye hakuwa mwanasayansi. Arthur Lydiard alikuwa akifanya kazi ya viatu mjini Auckland, New Zealand. Kwa miaka mingi alijijaribu mwenyewe barabarani kabla ya kuwafundisha vijana wa mtaani kwake. Aligundua kwamba akikimbia kilomita nyingi kwa mwendo anaoweza kuumudu, karibu kilomita 160 kwa wiki, kazi ya kasi iliyokuja baadaye ilishika haraka na kwa kina zaidi.

Tarehe 2 Septemba 1960, kwenye Olimpiki ya Roma, vijana wake wawili walitwaa dhahabu alasiri moja: Peter Snell mita 800 na Murray Halberg mita 5,000. Kilichowashangaza makocha wa Ulaya ni Snell. Huyu alikuwa mtu wa mizunguko miwili tu ya uwanja, mbio zinazoisha kabla ya dakika mbili, na bado Lydiard alimkimbiza kilomita 35 za vilima kila Jumapili wakati wa awamu ya msingi. Baada ya msingi zilikuja wiki za vilima, kisha kasi ya uwanjani, kisha kupunguza. Mpango wote ulihesabiwa kurudi nyuma kutoka siku ya shindano, na hiyo ndiyo tabia ya kwanza ambayo mwanaklabu anapaswa kuichukua kwake: unaandika tarehe moja kwanza, ndipo unapanga miezi iliyo nyuma yake.

Hata walio juu kabisa huchagua. Alphonce Simbu alishika nafasi ya pili Boston Aprili 2025, kisha Septemba mwaka huohuo akatwaa dhahabu ya marathoni kwenye mashindano ya dunia mjini Tokyo, medali ya kwanza ya dhahabu ya dunia kwa Tanzania. Kati ya siku hizo mbili kulikuwa na wiki 21. Huo ni muda unaotosha kushuka, kujenga upya na kupanda tena. Kama bingwa wa dunia, ambaye kukimbia ndiyo kazi yake, anahitaji nafasi ya namna hiyo kati ya kilele na kilele, basi mtu anayeamka alfajiri kukimbia kabla ya kwenda ofisini anaihitaji zaidi.

Mkimbiaji wetu wa mfano

Tuchukue mfano wa mwalimu wa sekondari wa Dar es Salaam, mwanamke wa miaka 36, mama wa watoto wawili, mwanachama wa klabu ya mtaani kwake. Ana nafasi ya kukimbia siku nne kwa wiki: Jumanne, Alhamisi, Jumamosi na klabu, na Jumapili kidogo. Mwishoni mwa Februari amemaliza nusu marathoni ya Kilimanjaro kwa saa 2 na dakika 10. Mwakani anataka kufika kwa saa 2 kamili.

Dakika kumi zinasikika kidogo. Kwa kilomita, maana yake ni kutoka wastani wa dakika 6 na sekunde 10 hadi dakika 5 na sekunde 41. Tofauti ni karibu nusu dakika kwa kila kilomita, mara ishirini na moja, kwenye njia inayopanda kuelekea Mweka kabla ya kurudi mjini. Hilo halipatikani kwa kujikaza siku ya mbio. Litapatikana kwa mwaka uliopangwa, na mwaka wake wa wiki 52 unagawanyika hivi: wiki 4 za mapumziko mwezi Machi, wiki 22 za msingi kuanzia Aprili hadi mwisho wa Agosti, wiki 16 za kujenga kuanzia Septemba hadi karibu na Krismasi, na wiki 10 za kilele zinazoishia siku ya mbio.

Kabla ya kuendelea, kuna jambo ambalo mkimbiaji Mwislamu atakuwa ameshaliona. Mwaka 2026 na 2027 Ramadhani inaangukia Februari na Machi, kwa hiyo kwa anayefunga, mbio za Moshi zinakuja ndani ya mfungo, wakati kunywa na kulala kumebadilika kabisa. Kwake ni busara kuifanya Agosti kuwa kilele, na Ramadhani iangukie pale msingi unapoishia, mazoezi yakibaki mepesi na kufanywa muda mfupi kabla ya futari au baada yake. Mpangilio wa awamu haubadiliki. Kinachobadilika ni mwezi wa kuanzia kuhesabu.

Msingi: miezi mitano ya kuzungumza

Awamu ya msingi ndiyo ndefu kuliko zote na ndiyo inayowakatisha tamaa wengi, kwa sababu haina msisimko. Kazi yake ni kupanua uwezo wa mwili kutumia oksijeni. Moyo unajifunza kusukuma damu nyingi zaidi kwa pigo moja. Mishipa midogo ya damu inaongezeka kuzunguka nyuzi za misuli. Ndani ya nyuzi hizo zinaongezeka mitokondria, yaani vinu vinavyogeuza chakula na oksijeni kuwa nguvu. Mabadiliko haya yanakuja polepole, kwa miezi, na yanachochewa na muda unaotumia ukikimbia kuliko na kasi unayokimbia.

Kipimo cha kasi ya msingi ni mdomo wako. Ukiweza kumsimulia mwenzako habari nzima bila kukatisha sentensi kuvuta pumzi, uko sawa. Kwa mwalimu wetu hiyo ni kama dakika 7 hadi 7 na nusu kwa kilomita, na asubuhi yenye fukuto la Dar inaweza kuwa taratibu zaidi. Asipambane na saa ya mkononi siku hizo, kwa maana joto huupandisha moyo hata mwendo usipobadilika.

Wiki ya kwanza ya Aprili anakimbia kilomita 24: sita Jumanne, sita Alhamisi, nane Jumamosi na nne Jumapili. Wiki inayofuata 26, kisha 28, halafu ya nne anashuka hadi 21. Mzunguko unaofuata unaanzia 28. Hivyo ndivyo anavyokwenda, wiki tatu juu na moja chini, mpaka mwishoni mwa Agosti afike kilomita 43 kwa wiki, zikiwemo 17 za Jumamosi. Wiki ya kushuka ina kazi kubwa kuliko inavyoonekana. Mapafu na moyo huzoea haraka, lakini mifupa ya miundi na kano za kisigino huchelewa nyuma yao kwa wiki nyingi. Mtu hujisikia ana pumzi za kuongeza, anaongeza, na mguu ndio unaompa jibu. Maumivu ya muundi yanayoanza Juni mara nyingi ni matokeo ya kilomita zilizoongezwa kwa pupa Mei.

Awamu ya msingi haina maana ya kusahau kasi kabisa. Mara moja kwa wiki, mwisho wa mbio nyepesi, anaongeza mbio fupi sita za sekunde ishirini, za haraka lakini zilizolegea, akitembea katikati mpaka apumue vizuri. Siku mbili kwa wiki anafanya mazoezi ya nguvu nyumbani: kuchuchumaa na kuinuka, kupanda na kushuka kwenye vidole kwa mguu mmoja, kunyanyua nyonga akiwa amelala chali. Dakika ishirini zinatosha. Masika ikimzuia kutoka, siku hiyo ya nguvu inabadilishana nafasi na siku ya kukimbia, na hakuna kilichoharibika.

Jumamosi kwenye barabara ya bahari

Mahali msingi unapobomokea panajulikana. Nenda Jumamosi yoyote alfajiri, saa 11 na nusu, kwenye barabara ya bahari Oysterbay, uangalie kundi la klabu likianza safari. Kilomita ya kwanza watu wanacheka na kuulizana habari za wiki. Kwenye ya pili kijana mmoja anasogea mbele hatua mbili, wawili wanamfuata, na kundi zima linajivuta bila mtu kuamua. Kufika ya nne hakuna anayezungumza. Unasikia viatu na pumzi tu. Saa za mkononi zinasoma dakika 6 kwa kilomita, mwendo ambao kwa walio mbele ni mwepesi, kwa walio katikati ni mzito wa kati, na kwa walio nyuma ni mashindano kamili.

Huo mwendo wa kati ndio mtego. Ni wa haraka mno kwa kazi ya msingi, maana unachosha miguu kiasi cha kuharibu Jumapili na Jumanne, na ni wa taratibu mno kuleta faida za mazoezi ya kasi. Mwanaklabu anaweza kuishi humo mwaka mzima akidhani anajituma. Stephen Seiler, mtafiti anayefanya kazi Norway, alipochunguza mazoezi ya wanamichezo bora wa michezo ya ustahimilivu, alikuta kwamba karibu asilimia 80 ya mazoezi yao hufanywa kwa wepesi, na sehemu ndogo iliyobaki ndiyo ngumu kwelikweli. Makundi yetu mengi yamechanganya vyote viwili katikati.

Dawa yake ni ya utaratibu. Klabu igawanye kundi la Jumamosi kwa kasi, na kila kundi lipewe kiongozi mwenye kazi moja tu: kuwashikilia watu nyuma. Mwalimu wetu, kama klabu yake haijafanya hivyo, ana ruhusa ya kuachwa. Mwanachama mwenzake akimwita, amjibu kwa sauti ya kawaida. Akiweza kumjibu bila kuhema, yuko pale anapotakiwa kuwa.

Na anajuaje kwamba msingi unashika? Kila baada ya wiki nne anakimbia kilomita 5 kwenye njia ileile, saa ileile ya alfajiri, akishikilia mapigo ya moyo yaleyale, tuseme 140 kwa dakika, kisha anaandika muda. Kama Aprili anatumia dakika 38 na Julai anatumia dakika 36 kwa mapigo yaleyale, msingi unashika. Muda usipobadilika miezi miwili mfululizo, kuna jambo la kutafutwa: usingizi, chakula, au zile Jumamosi.

Kujenga: kasi ya saa moja

Mwishoni mwa msingi anaingia CRDB Marathon, nusu marathoni, si kwa ajili ya rekodi bali kama kipimo. Anapunguza kilomita siku tano tu kabla yake, anakimbia kwa bidii iliyopimwa, anapumzika wiki moja na kuendelea. Tuseme amemaliza kwa saa 2 na dakika 5. Hiyo inampa namba ya kufanyia kazi vuli nzima: mtu wa nusu marathoni ya saa 2 na dakika 5 anaweza kushikilia kwa takriban saa moja kasi ya dakika 5 na sekunde 40 kwa kilomita.

Namba hiyo inafanana na ile ya lengo lake, ambayo ilikuwa dakika 5 na sekunde 41, na hapo ndipo mpango mzima unapoeleweka. Septemba, kasi anayoitaka Moshi ni kasi anayoweza kuimudu kwa saa moja. Februari inabidi aimudu kwa saa mbili. Kazi ya awamu ya kujenga na ya kilele ni kuirefusha hiyo saa.

Wiki nane za kwanza ni za vilima, kwa sababu vilima vinatia miguu nguvu bila kuhitaji kasi kubwa inayoumiza. Dar ni tambarare, lakini barabara za Mlimani, Chuo Kikuu cha Dar es Salaam, zina miinuko inayotosha, na Pugu na Kisarawe si mbali kwa siku ya Jumamosi. Kila Jumanne, baada ya dakika 15 za kupasha moto, anapanda kwa nguvu sekunde 60 na kushuka akitembea, mara sita. Mwisho wa Oktoba zimefika mara kumi. Kigezo cha kuacha ni umbo. Magoti yakianza kushuka na mabega kupanda masikioni, kazi ya siku imeisha hata kama zimebaki mbili.

Wiki nane zinazofuata, Novemba hadi Krismasi, Jumanne inakuwa ya kasi ya saa moja. Anaanza na vipande vitatu vya dakika 8, akipumzika dakika 2 za kukimbia polepole, na anamaliza Desemba kwa vipande viwili vya dakika 15. Kwa kasi hiyo mwili unazalisha asidi ya laktiki kwa kiwango kinachokaribia kile unachoweza kuisafisha, na mazoezi haya husukuma mpaka huo mbele. Unaijua kasi sahihi kwa maneno: unaweza kutamka matatu au manne, kisha lazima uvute pumzi. Ukimaliza kipande cha mwisho ukiwa umekufa, ulikimbia mashindano. Ukimaliza ukihisi ungeweza kuongeza dakika tano, ulifanya zoezi.

Siku nyingine zote zinabaki nyepesi kama zilivyokuwa Mei, na kilomita za wiki zinabaki kati ya 40 na 45. Kosa la kawaida la awamu hii ni kuongeza ugumu na umbali kwa wakati mmoja. Kimoja kikipanda, kingine kikae.

Awamu ya kujenga ndiyo yenye hatari kubwa ya kuzidiwa, na dalili zake zinakuja kabla ya jeraha. Hesabu mapigo ya moyo asubuhi kabla ya kutoka kitandani, na uandike. Yakizidi kawaida yako kwa mapigo matano au zaidi siku tatu mfululizo, na usingizi umekatikakatika, na zoezi la Jumanne linakuja kwa kasi ndogo lakini kwa taabu kubwa, punguza wiki hiyo kwa nusu bila kungoja. Kwa wanawake kuna dalili moja inayopuuzwa sana: hedhi kukosekana miezi kadhaa si ishara ya kuwa fiti. Mara nyingi ni ishara kwamba chakula hakitoshi kwa kazi inayofanywa, na mifupa ndiyo inayolipa. Hapo mtu aende kumwona daktari.

Malaria nayo ina sehemu yake kwenye mpango wowote wa huku kwetu. Anayetoka kuugua asirudi pale kalenda inaposema, bali arudi kwenye mbio nyepesi kwa idadi ya siku angalau sawa na alizolala, na kama anaishiwa pumzi kwenye ngazi apimwe wingi wa damu kwanza. Zoezi lililopotea halifidiwi kwa kulibana kwenye wiki inayofuata. Limepita.

Kilele: Mweka, kupanda na kushuka

Kuanzia wiki ya Krismasi mazoezi yanaanza kufanana na mbio zenyewe. Hapa mwalimu wetu ana bahati ya kijiografia kama kwao ni Kilimanjaro. Desemba, mabasi ya kwenda Moshi yakijaa, anakwenda nayo, na anapata siku kadhaa za kukimbia barabara ileile ya Mweka atakayoshindania.

Kitu cha kujifunza kule ni kuteremka. Kila mtu anaogopa kupanda, lakini kinachoua miguu kwenye kilomita za mwisho ni mteremko. Misuli ya mapaja inapozuia mwili usiporomoke inafanya kazi huku ikivutwa, na hiyo huchana nyuzi zake kuliko kupanda. Habari njema ni kwamba misuli inajifunza haraka: mbio chache za mteremko wiki kadhaa kabla zinatosha kuifanya isiumie sana safari inayofuata. Kwa hiyo mara mbili au tatu kati ya Desemba na Januari anapanda kilomita 5 kwa wepesi na kuteremka 5 kwa hatua fupi za haraka, bila kuzikita visigino. Asiyefika Moshi atafanya vivyo hivyo Pugu.

Jumamosi za Januari ndizo nguzo za awamu hii. Ya kwanza ni kilomita 16, nne za mwisho zikiwa kwa kasi ya lengo. Inayofuata ni 18 na sita za mwisho. Anaacha Jumamosi moja nyepesi katikati, kisha mwishoni mwa mwezi anakimbia 20, nane za mwisho kwa kasi ya lengo. Kasi inakuja mwishoni kwa makusudi, miguu ikiwa imekwisha kuchoka, kwa sababu ndivyo itakavyokuwa siku yenyewe. Hapo pia anajaribu kila kitu atakachotumia: viatu, soksi, kiasi cha maji, uji au ndizi atakayokula alfajiri. Hakuna kipya siku ya mbio.

Zoezi la Jumamosi ya kilomita 20 ndilo linalosema ukweli. Akimaliza nane za mwisho kwa wastani wa dakika 5 na sekunde 40 akiwa bado na umbo, lengo la saa 2 ni la haki. Akitoka kwenye kasi kwenye ya tano, lengo jipya ni saa 2 na dakika 4 au 5, na ni afadhali alijue Januari kuliko kulijua kwenye kilomita ya kumi na tano.

Wiki mbili za mwisho ni za kushusha, na hapa ndipo wengi wanaopatia kila kitu hukosea, ama kwa kuogopa kupumzika ama kwa kulala kabisa. Mwaka 2007 Laurent Bosquet na wenzake walichambua kwa pamoja tafiti nyingi za kushusha mazoezi, na wakakuta kwamba matokeo bora yalitokana na kushusha kwa kama wiki mbili, umbali ukipunguzwa kwa asilimia 41 hadi 60, huku kasi ya mazoezi na idadi ya siku vikibaki karibu vilevile. Sababu ni kwamba uchovu hutoka mwilini kwa siku, ilhali uwezo uliojengwa kwa miezi hupungua taratibu zaidi. Mwalimu wetu, aliyekuwa kwenye kilomita 44, anashuka hadi 30, kisha 18 bila kuhesabu mbio zenyewe. Siku nne za kukimbia zinabaki. Jumanne ya mwisho bado ina vipande vitatu vya dakika 3 kwa kasi ya lengo. Miguu ikianza kujihisi mizito au kuwa na vijiumivu vidogo katikati ya wiki hizo, hilo ni la kawaida, na halihitaji mbio za ziada za kujihakikishia.

Mapumziko: Machi isiyo na namba kifuani

Baada ya mbio, wiki mbili za kwanza hakimbii kabisa. Anatembea, anaogelea kama ana pa kuogelea, analala. Uchungu wa mapaja utaisha ndani ya siku nne au tano, lakini misuli iliyochanika huendelea kujitengeneza muda mrefu baada ya uchungu kuisha, na hapo ndipo mtu hudanganyika. Wiki ya tatu na ya nne anakimbia mara mbili au tatu, dakika 20 hadi 30, bila saa mkononi. Atapoteza sehemu ya uwezo wake, na hilo limo kwenye mpango. Anayekataa kuupoteza Machi kwa hiari huupoteza Juni kwa jeraha.

Machi pia ni mwezi wa kusoma daftari. Ni wiki zipi alizikosa, na kwa nini? Majaribio ya kilomita 5 yalisimama wapi? Maumivu yalianza baada ya nini? Majibu hayo yanaamua mwaka ujao uweje, kama msingi urefushwe, kama vilima vipunguzwe, kama siku ya nne iondolewe kabisa.

Wapo makocha wanaopanga awamu kwa namna nyingine, na tafiti hazijathibitisha kwamba mpangilio mmoja unawafaa wote. Wengine wanachanganya kasi na umbali mwaka mzima kwa viwango tofauti. Linalokubalika kwa wengi ni la msingi zaidi: mzigo upande na kushuka, kazi ya polepole iwe nyingi kuliko ya kasi, na mazoezi yafanane zaidi na mbio kadiri mbio zinavyokaribia.

Na anayesoma haya akiwa amebakiza wiki 12 tu kabla ya mbio alizokwishalipia, asijaribu kuubana mwaka mzima ndani yake. Wiki 6 ziwe za msingi tupu, kwa mwendo wa kuzungumza. Wiki 4 ziwe na zoezi moja la kasi ya saa moja kila wiki na Jumamosi moja au mbili zinazomalizikia kwa kasi ya lengo. Wiki 2 ziwe za kushusha. Kinachopunguzwa ni lengo, si msingi. Akivuka mstari akiwa mzima, apumzike wiki zake nne, kisha achukue kalenda ya mwaka unaokuja, aizungushie duara tarehe moja, na nyingine zote azikimbie kwa mwendo wa Jumamosi au aende kuwapigia makofi wenzake.